Punguzo juu ya punguzo: kwa nini kumi na ishirini hazifiki thelathini

Bibi alitoka Pangani na gari la alfajiri, akafika dukani Ngamiani kabla hatujamaliza kufagia baraza. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda karibu na meza. Alikuja kuchukua khanga za kwenda kuuza kwake: korija tano, yaani doti mia moja, na bei ya kila doti ilikuwa shilingi 10,000. Ukutani palikuwa na tangazo. Anayechukua kuanzia korija moja anapunguziwa asilimia 10, na khanga za msimu uliopita zinapunguzwa tena asilimia 20. Doti zake zote zilikuwa za msimu uliopita. Akafungua fundo la leso, akahesabu shilingi 700,000, akazipanga mezani.

Mimi ndiye niliyeshika daftari. Nikamwambia, "Bibi, bado 20,000."

"Mwanangu, kumi na ishirini ni ngapi?"

"Thelathini, bibi."

"Na thelathini katika milioni ni laki tatu. Milioni ukitoa laki tatu zinabaki laki saba. Ndizo hizo."

Nikakwama. Kikokotoo kilisema 720,000 na nilijua hakikukosea, lakini sikuwa na maneno ya kumweleza mtu mzima ambaye hesabu yake ilinyooka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na jambo lenyewe si dogo. Khanga zile tulizinunua shilingi 7,000 kwa doti. Kwa 720,000 duka lilibaki na faida ya 20,000 kwa mzigo mzima. Kwa 700,000 lisingebaki na kitu, na nauli ya mpagazi ingetoka mfukoni mwetu. Tena wiki moja kabla nilikuwa nimeshamwandikia mteja mwingine ankara ya "asilimia 30" kwa mapunguzo hayo hayo mawili, na hasara ile sikuiona mpaka nilipofunga daftari mwisho wa mwezi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwafundisha vijana wanaoingia dukani jambo hili kabla sijawaonyesha hata droo ya fedha. Naliandika hapa kwa utaratibu ule ule ninaowafundisha.

Anza na vifungo

Dukani hatukosi boksi la vifungo. Nilichukua mia moja, nikavipanga juu ya mkeka mbele ya bibi: mistari kumi, kila mstari vifungo kumi. Ukiwa nyumbani tumia punje za mahindi au maharage, kazi ni ile ile. Kila kifungo kilisimama badala ya doti moja.

Punguzo la kwanza ni asilimia 10, yaani kumi katika kila mia. Nikaondoa mstari mzima wa juu. Vikaondoka vifungo kumi, vikabaki tisini.

Punguzo la pili ni asilimia 20. Kama vifungo vingekuwa bado mia, ningeondoa safu mbili za kusimama, kila safu ina kumi, jumla ishirini. Lakini mstari wa juu ulikuwa umeshaondoka. Nilipoondoa safu mbili za mwisho upande wa kulia, kila safu ilikuwa na vifungo tisa tu. Vikaondoka kumi na vinane. Mkekani vikabaki sabini na viwili.

Bibi akaviangalia, akaweka kidole pale pembeni juu kulia, mahali palipokuwa na vifungo viwili mwanzoni. "Na hivi viwili vya hapa?"

Hapo ndipo penyewe. Vifungo vile viwili vilikuwa ndani ya mstari wa juu, na vilikuwa pia ndani ya safu mbili za kulia. Anayejumlisha kumi na ishirini akapata thelathini amevihesabu mara mbili: mara moja kwenye mstari, mara ya pili kwenye safu. Lakini kifungo kimoja hakiwezi kuondolewa mkekani mara mbili. Vilivyoondoka kweli ni ishirini na vinane, si thelathini. Na kwa kuwa kila kifungo ni doti ya shilingi 10,000, vile viwili vya pembeni ndiyo zile 20,000 tulizokuwa tunabishania.

Bibi alicheka, akafungua tena fundo la leso.

Swali la kuuliza: asilimia ya nini?

Neno lenyewe linajieleza. Asilimia ni sehemu katika mia, na mia ile lazima iwe mia ya kitu fulani. Asilimia 10 ya kwanza ilikuwa ya bei kamili, 1,000,000. Asilimia 20 ya pili haikuwa ya bei hiyo, kwa sababu bei hiyo ilikuwa imeshakufa. Ilikuwa ya 900,000. Ishirini katika mia ya 900,000 ni 180,000, siyo 200,000. Mapunguzo mawili ya asilimia yanajumlishika pale tu yanapotoka kwenye kiasi kimoja.

Ukitaka kumthibitishia mtu haraka bila vifungo, muulize hivi: bei ikipunguzwa nusu, halafu ikapunguzwa nusu tena, je, mzigo umekuwa wa bure? Hamsini na hamsini ni mia, kwa hiyo anayejumlisha atalazimika kusema ndiyo. Lakini kila mtu anajua nusu ya nusu ni robo. Kitu cha 10,000 kinashuka hadi 5,000, kisha 2,500. Punguzo la kweli ni asilimia 75. Sijapata mtu aliyeendelea kubisha baada ya swali hilo.

Namna ya kukokotoa

Siri ni kuacha kufikiria kinachotoka, ufikirie kinachobaki. Mteja akipunguziwa 10 katika mia, analipa 90. Akipunguziwa 20, analipa 80. Andika vinavyobaki kwa desimali, yaani 0.9 na 0.8, kisha zidisha bei kwa vyote viwili:

```
1000000 × 0.9 × 0.8 = 720000
```

Kama unataka kujua punguzo la jumla lenyewe, acha bei kwanza. Zidisha vinavyobaki peke yake, 0.9 × 0.8, upate 0.72. Maana yake mteja analipa 72 katika kila mia, kwa hiyo amepunguziwa 28. Ukiwa na ile 0.72 huna haja ya kurudia hesabu kwa kila bidhaa. Doti ya 10,000 inakuwa 7,200. Doti ya 12,500 inakuwa 9,000. Naiandika namba hiyo kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa wa daftari siku ya punguzo, basi.

Mapunguzo yakiwa matatu, ongeza kizidisho kimoja tu. Tuseme bibi angepata na asilimia 5 ya kulipa keshi: 0.9 × 0.8 × 0.95 = 0.684. Analipa 684,000, na punguzo lake zima ni asilimia 31.6, wakati anayejumlisha angetarajia 35. Kadiri mapunguzo yanavyoongezeka, ndivyo jumla ya mdomoni inavyozidi kuachana na ya kweli.

Kwa mapunguzo mawili iko njia ya kichwani, inayofaa ukiwa sokoni huna simu mkononi. Yajumlishe, kisha utoe zao lao likiwa limegawanywa kwa mia. Kumi na ishirini ni thelathini. Kumi mara ishirini ni mia mbili, gawa kwa mia upate mbili. Thelathini toa mbili ni ishirini na nane. Ile mbili ndiyo vifungo vya pembeni, na kwa kuwa umeviona kwa macho hutaisahau njia hii. Usiitumie kwa matatu kwa mkupuo: unganisha mawili kwanza, jibu lake liunganishe na la tatu.

Neno kuhusu simu. Vikokotoo havikubaliani juu ya alama ya %. Kabla hujakiamini cha kwako, kijaribu kwa namba ambayo jibu lake unalijua:

```
100 - 10% - 20%
```

Kikikupa 72, kinachukua kila asilimia kwenye kilichobaki, na unaweza kukitumia hivyo. Kikikupa 70 au namba nyingine yoyote, achana na alama hiyo, zidisha kwa 0.9 na 0.8. Mimi nazidisha siku zote, hata kwenye simu ninayoiamini, kwa sababu dukani simu zinabadilishana mikono.

Lipi litangulie?

Vijana wengi wanaamini kuna ujanja hapa, kwamba mteja akiomba ishirini ianze ndipo ifuate kumi, atapata nafuu zaidi. Hakuna. Milioni ikitoka ishirini inabaki 800,000. Ikitoka kumi ya hiyo, yaani 80,000, inabaki 720,000. Ni pale pale, kwa sababu 0.9 × 0.8 na 0.8 × 0.9 ni kitu kimoja. Usipoteze muda kubishania hilo.

Lakini hali hubadilika kabisa punguzo moja linapokuwa la shilingi na jingine la asilimia, na hapa ndipo nimeona watu wengi wakipunjwa pasipo hata muuzaji kukusudia. Tuseme mzigo ni 1,000,000, na umeahidiwa 50,000 kwa sababu wewe ni mteja wa zamani, pamoja na asilimia 20 ya msimu.

Shilingi zikitangulia, 1,000,000 inakuwa 950,000, kisha asilimia 20 inaishusha hadi 760,000. Asilimia ikitangulia, 1,000,000 inakuwa 800,000, kisha unatoa 50,000 unabaki na 750,000. Tofauti ni 10,000, nayo ni asilimia 20 ya zile 50,000. Zilipotangulia, ziliondoka na sehemu yao ya punguzo. Kwa hiyo mnunuzi aombe asilimia ikatwe kwanza na shilingi mwisho. Muuzaji naye aamue mapema utaratibu wake na auandike, kwa sababu mteja aliyelipa 760,000 leo akisikia jirani yake amelipa 750,000 kwa mzigo ule ule hatarudi, na hatakuwa na kosa.

Gharama ya kusafirisha mzigo isiingizwe humu. Punguzo ni la khanga, siyo la gari. Kata mapunguzo yote kwanza, ndipo uongeze nauli chini kabisa.

Jumla moja, mapunguzo tofauti

Hili nililigundua nikilinganisha bei za wauzaji wa jumla wanaotuletea mzigo. Mmoja alitupa asilimia 15 na 15. Wa pili 10 na 20. Wa tatu 25 na 5. Wote bei yao ya mwanzo ilikuwa moja, na wote wanasikika kama thelathini. Tazama kinachobaki:

```
0.85 × 0.85 = 0.7225
0.90 × 0.80 = 0.7200
0.75 × 0.95 = 0.7125
```

Wa tatu ndiye nafuu. Kwa mzigo wa milioni tano, kati ya wa kwanza na wa tatu pana tofauti ya shilingi 50,000. Sababu iko kwenye vifungo vya pembeni: 15 mara 15 ni 225, 10 mara 20 ni 200, 25 mara 5 ni 125. Mapunguzo yanapokaribiana, pembe ile inayohesabiwa mara mbili inakuwa kubwa, na mnunuzi anapoteza zaidi. Yanapoachana sana, moja kubwa na jingine dogo, pembe inakuwa finyu. Muuzaji wa nne akija na asilimia 29 mara moja tu, bila mbwembwe, huyo anakuachia 0.71 na anawashinda wote watatu, ingawa kwa kusikia ni wa mwisho.

Mteja aliyeahidiwa thelathini kamili

Wakati mwingine muuzaji kweli anataka kutoa asilimia 30, lakini 10 ya kwanza imeshakatwa na imeshaandikwa kwenye ankara. Afanyeje? Ishirini haitatosha, tumeshaona. Anataka mteja alipe 0.70, na sasa yuko kwenye 0.90. Gawa 0.70 kwa 0.90, upate takribani 0.778. Kwa hiyo punguzo la pili liwe karibu asilimia 22.2. Kwenye 900,000 hiyo ni 200,000 kamili, na mteja anafika 700,000. Kwa vitendo ni rahisi zaidi kumwandikia shilingi: "toa 200,000". Asilimia yenye mkia wa desimali huleta maswali mezani.

Kugawa huku ndiko kunakotumika pia kurudisha bei msimu ukianza upya. Doti iliyoshuka kutoka 10,000 hadi 7,200 ilipunguzwa asilimia 28. Ukiipandisha kwa asilimia 28 hairudi 10,000, inaishia 9,216, kwa kuwa sasa unachukua 28 katika mia ya 7,200. Ili irudi pale ilipokuwa unahitaji kuipandisha kwa karibu asilimia 38.9. Ushauri wangu ni kutohangaika na hesabu hiyo. Weka orodha ya bei za asili kwenye daftari la pembeni, na msimu ukigeuka rudi kwenye orodha.

Pale ambapo kumi na ishirini ni thelathini kweli

Bibi hakukosea kuuliza, na ipo hali ambayo angekuwa na haki yake yote. Kama tangazo lingesema mapunguzo yote mawili yanakatwa kwenye bei ya asili, basi kumi ya milioni ni laki moja, ishirini ya milioni ni laki mbili, na zinajumlishika: laki tatu. Hayo ni makubaliano, na duka lina uhuru wa kuyafanya. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza waziwazi: "Hiyo ishirini mnaikata kwenye bei ya mwanzo au kwenye bei iliyokwisha punguzwa?" Jibu likishatolewa, hesabu ni moja tu.

Tangazo letu lilisema "zinapunguzwa tena". Neno "tena" kwangu lilikuwa wazi, kwa bibi halikuwa. Nikalibandua siku ile ile, nikaandika jipya lenye bei tatu za shilingi: 10,000 imekatwa, 9,000 imekatwa, 7,200 ya kulipa.

Hali nyingine isiyo ya kuchanganya na hii ni pale kumi inapohusu bidhaa moja na ishirini bidhaa nyingine, mathalani khanga asilimia 10 na vitenge asilimia 20. Hapo hakuna punguzo juu ya punguzo. Kila bidhaa inakatwa kwake, na kinachojumlishwa ni shilingi tu.

Kukagua ankara iliyokwisha andikwa

Ukipewa ankara yenye mapunguzo kadhaa, usiifuate mstari kwa mstari. Chukua kiasi cha kulipa cha chini, ukigawe kwa bei kamili ya juu. Ikitoka 0.72, mapunguzo ya 10 na 20 yamekatwa moja juu ya jingine. Ikitoka 0.70, yamejumlishwa. Ikitoka namba nyingine isiyoeleweka, kama 0.716 au 0.722, mara nyingi mtu amekata mikia ya namba njiani, na hilo ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi.

Nionyeshe moja. Doti ya 13,700, mapunguzo ni yale yale. Kijana alikata 10, akapata 12,330, akaona ni namba yenye usumbufu, akaandika 12,300. Akakata 20, akapata 9,840, akaandika 9,800. Angezidisha mara moja kwa 0.72 angepata 9,864, na kwa mia iliyo karibu ni 9,900. Shilingi mia kwa doti. Mzigo ulikuwa doti sitini, kwa hiyo 6,000 zikapotea kwa kuzungusha namba mara mbili. Zidisha kwanza kila kitu, namba uizungushe mara moja tu, mwisho.

Bibi bado anakuja kila msimu unapogeuka. Safari iliyopita alikuta nimebandika asilimia 15 na asilimia 10, akasimama mbele ya tangazo, midomo ikicheza taratibu. "Ishirini na tano, toa moja na nusu," akasema. "Ishirini na tatu na nusu. Nipe korija nne."

Nikazidisha 0.85 kwa 0.9. Ikatoka 0.765.